Kuchagua avenyu ya kufungulia saluni Lubumbashi: kuhesabu wapita njia, kusoma majirani, kupima saluni zingine

Wadada wengi hapa Lushi wakitaka kufungua saluni wanaanza na chumba. Komisioneri anapiga simu, anasema kuna lokali iko karibu na soko, watu ni wengi sana pale mama, usichelewe, na wewe ukifika unaona kweli watu wamejaa barabarani, basi unatoa garanti, unapaka rangi, unanunua kaske na vioo, halafu mwezi wa tatu uko umekaa mlangoni unaangalia watu hao hao wanapita na hakuna anayesimama. Nimeona hii mara nyingi na inaniuma kwa sababu pesa ya garanti mara nyingi ni pesa ya likelemba au ya kuuza kitu cha nyumbani, hairudi haraka.

Hapa nitaongelea saluni ndogo ya wanawake tu, viti vitatu au vinne, kusuka, tisaji, kuosha, labda na makucha. Kinyozi wa wanaume ni hesabu nyingine kabisa maana mwanaume anakatwa nywele kwa nusu saa, anaweza kuamua palepale njiani. Msuko wa meshi ndogo ndogo unakula saa nne, tano, wakati mwingine zaidi hata kama wasukaji ni wawili. Hakuna mwanamke anayetoka sokoni na samaki kwenye mfuko akaona saluni akaamua kukaa saa tano. Anachofanya ni kuiona, kesho anapita tena, siku nyingine anaingia kuuliza bei, Jumamosi anarudi na meshi zake. Kwa hiyo mteja wako ni mwanamke yule yule anayepita mara nyingi kwa wiki, bila haraka, anayekaa karibu. Umati wa watu wanaopita mara moja kwenda mbali haukusaidii sana, hata kama ukiuangalia unakupa moyo.

Shika hilo kichwani kwa sababu ndilo linaamua unahesabu nani, saa ngapi na ukisimama wapi.

Hatua ya kwanza: chukua avenyu mbili au tatu, usichukue moja

Ukiwa na avenyu moja tu kichwani utaipenda, na ukishaipenda kila utakachokiona kitakuambia ndiyo. Chukua mbili au tatu, ikiwezekana za aina tofauti: moja ya barabara kubwa yenye lami karibu na soko au kituo cha taksi-bisi, nyingine ya ndani ya kartye. Kwa kila moja tembea kwa miguu dakika tano kwenda kila upande kuanzia mlango wa lokali yenyewe, mwendo wa mama aliyebeba mtoto, usitembee kama mtu anayekimbilia kazi. Eneo hilo ndilo la kusoma. Nje ya hapo mteja wa kawaida hatakuja kwa miguu, atakuja kwa sababu anakujua wewe binafsi, na huyo atakufuata popote utakapoenda.

Chora karatasi. Weka lokali katikati, weka shule, kanisa, kituo, soko, pompi ya maji, saluni zote, vioski vya M-Pesa na Airtel Money, nganda, fundi wa magari. Mchoro mbaya unatosha, muhimu uone watu wanatoka wapi na wanaenda wapi.

Hatua ya pili: kuhesabu wapita njia

Huhitaji kukaa siku nzima. Hesabu dakika 15 kamili, zidisha kwa nne, hiyo ni saa moja. Tumia simu kuweka muda, na daftari lenye vistari, kila mtu kistari kimoja. Kaa mahali ambapo unaona mlango wa lokali, kwa mfano kwa mama anayeuza beinye, nunua kidogo, zungumza naye, yeye mwenyewe anajua mtaa kuliko komisioneri.

Usihesabu kila mtu. Gawa ukurasa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni wanawake na wasichana wakubwa wanaotembea kwa utulivu, mikono mitupu au na mkoba mdogo. Cha pili ni wanawake wenye mizigo au wanaoharakisha, wale wanaokimbilia taksi-bisi. Cha tatu ni wengine wote, wanaume, watoto wa shule, wauzaji wa kutembeza. Kipande cha kwanza ndicho kinakuhusu. Cha pili kinasaidia kidogo kwa sababu watakiona kibao chako. Cha tatu unakiandika tu ili siku komisioneri akikwambia watu elfu wanapita, ujue wangapi kati yao wana nywele za kusuka.

Weka pia alama ndogo pembeni kwa kila mwanamke anayesimama, akasalimia mtu, akanunua kitu, akaangalia kitu dukani. Mtaa ambao wanawake wanasimama una faida kubwa kuliko mtaa wanaopita moja kwa moja, hata kama huo wa pili una watu mara tatu. Hiyo alama wengi hawaiweki, na ukinibana nichague namba moja tu kati ya zote za wapita njia nitachagua hiyo.

Sasa saa. Asubuhi saa moja mpaka saa mbili watu ni wengi kila mahali, wanaenda kazini na shuleni, usiipe uzito. Hesabu saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, na saa kumi na moja jioni watu wanaporudi. Siku fanya Jumanne au Jumatano moja, Alhamisi au Ijumaa moja, na Jumamosi mbili. Alhamisi na Ijumaa ni za wale wanaosuka kwa ajili ya ndoa ya Jumamosi na ibada ya Jumapili, kwa hiyo zinakuonyesha mtaa ukiwa kwenye kazi yake halisi. Jumamosi moja iwe katikati ya mwezi, nyingine baada ya mishahara kutoka, na ukitaka kuamini mtaa amini ile ya katikati, kwa sababu kodi utailipa kila mwezi, si mwisho wa mwezi wenye furaha tu.

Kuna siku ambazo zinadanganya, usihesabu kabisa. Wiki ya kuelekea 8 Machi kila mwanamke anataka kichwa kipya na pagne mpya, saluni zote zimejaa, hata ile mbaya. Noeli na mwaka mpya vilevile. Mwanzoni mwa Septemba, shule zikifunguliwa, wamama wanaleta watoto. Mtu akikuonyesha lokali tarehe 6 Machi akakwambia angalia jirani alivyojaa, mwambie utarudi tarehe 20.

Jambo lingine ni upande wa barabara. Magari huku yanapita kulia, kwa hiyo taksi-bisi inayotoka mjini kurudi kartye inashusha watu upande wake wa kulia. Upande huo ndio wa jioni, wa watu wanaorudi nyumbani, wameshamaliza kazi, wana muda wa kuuliza bei. Upande wa pili ni wa asubuhi, wanasubiri gari, wana wasiwasi wa kuchelewa. Lokali mbili zinatazamana, kodi ni sawa, lakini haziko sawa. Hesabu kila upande kivyake, usijumlishe.

Na jua pia. Lokali ambayo mlango unaangalia mashariki inapigwa na jua asubuhi, kuanzia mchana kivuli cha nyumba kinaanguka mbele yake, na hapo ndipo wateja wako wanapotaka kukaa nje kwenye benchi wakisubiri au wakifumuliwa nywele. Ile inayoangalia magharibi alasiri inawaka, watu wanavuka kwenda upande wa kivuli, we utabaki unashangaa mbona upande wako hawapiti. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaja, tofauti hiyo unaiona waziwazi.

Kuhusu mvua. Kama unachagua wakati wa kiangazi, avenyu ya udongo inaonekana nzuri tu, vumbi kidogo basi. Ila mvua ikianza, Novemba mpaka Machi, kuna avenyu zinageuka tope na mwanamke aliyetoka kusukwa hataki kuruka madimbwi. Huwezi kungoja mvua, lakini alama zake zipo: angalia chini ya kuta kama kuna mstari wa rangi ya udongo, angalia kama watu wamepanga mawe au matofali ya kukanyagia, angalia kama kizingiti cha duka la jirani kimeinuliwa na saruji. Uliza jirani maji yanafika wapi. Akionyesha kwa mkono kwenye mguu wake, umepata jibu.

Mwisho wa kuhesabu, rudi saa moja usiku. Giza hapa linaingia mapema, saa hiyo tayari ni usiku, na msuko ulioanza saa nane mchana mara nyingi hauishi kabla ya hapo. Tembea toka lokali mpaka kituo na toka lokali mpaka ndani ya kartye. Kuna taa? Kuna wanawake wengine wanatembea peke yao? Kama wewe mwenyewe unaogopa, mteja wako atakwambia "tumalizie kesho", na kesho haji, au atakuwa anakuja asubuhi tu, ina maana umepoteza nusu ya siku yako ya kazi.

Hatua ya tatu: majirani

Jirani mzuri wa saluni ni yule anayeleta mwanamke kwa sababu nyingine na kumfanya akae kidogo. Wa kwanza kabisa ni duka la meshi na vipodozi. Watu wanadhani ni mpinzani, hapana, mwanamke akinunua meshi swali lake la pili ni nani atanisuka, na muuzaji akikujua anakuonyesha kwa kidole. Fundi wa kushona nguo za wanawake ni vilevile, anayechukua nguo ya ndoa Ijumaa anahitaji kichwa cha ndoa. Kanisa lenye kwaya kubwa, famasi, zahanati ya wamama wajawazito, kioski cha pesa ya simu, hao wote wanasimamisha wanawake.

Shule inategemea. Shule ya msingi inaleta wamama wanaosubiri watoto mchana, wanakaa nje wanaongea, hao ni wateja wazuri sana. Wanafunzi wenyewe si wateja wa maana, shule nyingi zinadai nywele fupi au misuko rahisi ya uzi ambayo dada wa nyumbani anaisuka bure. Wanafunzi wa chuo ni tofauti, karibu na Kasapa wasichana wanapenda kusuka, lakini wakienda likizo mtaa unatulia kabisa, kwa hiyo ukihesabu pale hakikisha unajua miezi ambayo hutakuwa na mtu.

Jirani mbaya anaweza kuua saluni nzuri. Nganda yenye muziki mkubwa, wanaume wamekaa nje na chupa kuanzia saa nane, wakiita kila mwanamke anayepita: mwanamke aliyeolewa hatakaa saa nne hapo, na mume wake akipita akaona, ndiyo mwisho. Pita Ijumaa jioni na Jumapili uone hali yenyewe, Jumanne asubuhi nganda zote ni za kimya. Muuza makala analeta vumbi jeusi kwenye taulo. Fundi wa magari analeta mafuta mlangoni na magari yanafunika kibao chako.

Kuna mmoja watu hawamfikirii, fundi wa kuchomelea vyuma. Kelele na cheche unaziona, lakini tatizo kubwa liko kwenye umeme. Mashine yake ikianza kuchoma inavuta umeme mwingi kwa mara moja, na kama mnatumia laini moja nguvu inashuka, taa zinafifia, kaske inapoteza joto, sheshwari inazunguka polepole. Mteja anakaa chini ya kaske dakika 40 badala ya 25 na nywele bado mbichi. Mashine ya kusaga unga inafanya hivyo hivyo, na vumbi lake jeupe juu. Njia ya kujua ni rahisi: simama kwenye lokali taa ikiwa imewaka wakati fundi anachoma, iangalie. Ikififia kila anapogusa chuma, ujue.

Kwenye umeme uliza majirani watatu, usimuulize mwenye nyumba. Uliza wiki iliyopita SNEL ilikatika siku gani, saa ngapi, ikarudi saa ngapi. Swali la "umeme upo?" jibu lake ni ndiyo siku zote. Avenyu mbili zilizo karibu sana zinaweza kuwa kwenye kabini tofauti, moja inapata jioni nyingine haipati, na jioni ndiyo kazi yako. Maji vilevile, nani anapata ya bomba, nani anabeba bidoni, na bidoni moja ni bei gani pale, kwa sababu kuosha kichwa chenye dawa kunakula maji mengi.

Swali la mwisho kwa majirani, na usikubali kuondoka bila jibu: nani alikuwa kwenye lokali hii kabla, alifanya nini, aliondoka kwa nini? Kama palikuwa saluni, na kabla yake saluni nyingine, mtafute huyo aliyeondoka, muulize kwa heshima. Wengi watakwambia ukweli maana hawana cha kupoteza tena. Wakati mwingine tatizo si mtaa, ni mwenye nyumba anayepandisha kodi kila akiona viti vimejaa, na hilo pia unahitaji kulijua mapema.

Hatua ya nne: kupima saluni zingine

Kuhesabu saluni peke yake hakukwambii kitu. Saluni nane zinaweza kuwa habari nzuri na saluni mbili zikawa habari mbaya. Unachohesabu ni viti na vichwa.

Jumamosi kati ya saa nne na saa sita asubuhi, pita kwenye kila saluni iliyo kwenye eneo lako la dakika tano. Andika viti vingapi vya kusukia, vingapi vina mtu, wangapi wanasubiri kwenye benchi, na kama kuna mtu kaambiwa arudi baadaye. Rudia Alhamisi alasiri. Viti vikijaa na watu wanasubiri, mtaa una wateja zaidi ya wasukaji na wewe una nafasi. Viti nusu vitupu Jumamosi asubuhi, hapo wateja wameshagawanywa mpaka wameisha, ukiongeza viti vyako vitatu unakata kipande kidogo zaidi kwa kila mtu, na wa kwanza kufa atakuwa wewe mgeni.

Usisahau wasiolipa kodi. Wale wanaosuka sokoni chini ya mwavuli, wale wanaosuka kwenye parseli, wale wanaofuata mteja nyumbani. Bei yao huwezi kuifikia na usijaribu. Angalia ni kazi gani wao hawawezi kufanya: kuosha, kukausha, dawa, tisaji ya kushonwa vizuri, makucha, faragha ya mwanamke asiyetaka kuonekana barabarani akiwa na kichwa wazi. Kama saluni za mtaa huo zote zinasuka tu, na wanawake wanapanda gari kwenda mjini kuweka dawa au kutengeneza makucha, hapo kuna mlango umefunguka.

Halafu kaa kama mteja. Chagua saluni yenye watu wengi zaidi, kaoshwe nywele au usukwe kitu rahisi, lipa vizuri. Ndani ya saa mbili utasikia bei halisi, maana ile ya ukutani ni ya kuanzia mazungumzo tu, utasikia wateja wanakaa wapi, wanalalamika nini, msukaji anayependwa anaitwa nani na kama ana furaha na bosi wake. Ila usiende kumnyang'anya mtu msukaji wake wiki ya kwanza, mtaa mzima utajua na utakuwa umeanza na maadui.

Mfano wa hesabu nzima

Tuchukue dada mmoja ana viti vitatu, analinganisha lokali mbili. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Ya kwanza iko barabara kubwa ya lami karibu na soko kwenye komini ya Kenya, kodi dola 250 kwa mwezi. Ya pili iko avenyu ya ndani Katuba, njia ambayo watu wanashuka nayo kutoka kituo kurudi nyumbani, jirani ni famasi na fundi wa nguo, kodi dola 120.

Jumamosi ya katikati ya mwezi barabara kubwa inampa wanawake 120 kwa dakika 15. Anafurahi. Lakini kwenye vipande vyake 88 wana mizigo au wanaharakisha, waliosimama ni 5 tu. Kule Katuba wanapita 34, ila 27 wanatembea taratibu na 9 wamesimama, wengine wanasalimiana, mmoja amekaa kabisa kwa fundi.

Anaenda kwenye saluni zingine. Barabara kubwa kuna saluni nane, viti 26, vyenye watu 11. Katuba kuna tatu, viti 9, vyote vimejaa, wanne wanasubiri.

Sasa anafanya jambo ambalo naliona ni la maana kuliko yote. Anakaa saa mbili kila mahali, saa nne mpaka sita, anahesabu wanawake wanaoingia kwenye saluni zilizopo ili wahudumiwe, na wanaogeuka kuondoka kwa sababu pamejaa. Barabara kubwa wameingia 14. Yeye akifungua, saluni zitakuwa tisa, kama zingegawana sawa kila moja inapata mmoja na nusu. Katuba wameingia 9 na watatu wamegeuka, jumla 12, wakigawana saluni nne ni watatu kila moja. Katuba yenye watu wachache inampa mara mbili, na wale watatu waliogeuka ni wateja ambao hahitaji kumnyang'anya mtu yeyote.

Mgeni hagawiwi sawa na wenyeji, kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza akate nusu. Barabara kubwa inabaki chini ya mteja mmoja kwa saa mbili bora kabisa za wiki. Katuba mmoja na nusu.

Halafu kodi. Tuseme akishamlipa msukaji sehemu yake, akatoa shampuu, dawa, mafuta, kila mteja anamwachia kwa wastani dola 4. Kulipa kodi ya dola 250 anahitaji wateja 63 kwa mwezi, na hapo hajanunua umeme wala chakula. Kodi ya dola 120 anahitaji 30. Akifanya kazi siku 26, ya kwanza inamdai zaidi ya wateja wawili kila siku kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake, ya pili inamdai mmoja na kidogo. Avenyu ya Katuba imeshinda pande zote mbili.

Ila asikimbie kulipa. Jumamosi moja inaweza kuwa na matanga kwenye kartye, mkutano, mvua, saluni moja imefungwa na wateja wake wamehamia jirani kwa siku hiyo. Ndiyo maana nilisema Jumamosi mbili na siku za kati. Hesabu za Jumamosi ya pili zikitofautiana kidogo ni sawa, zikigeuka kabisa ongeza ya tatu. Na kuna wakati barabara kubwa inashinda kweli: kama unataka kuuza meshi pamoja na kusuka, au makucha ya haraka, au kinyozi pembeni, hapo wapita njia wa haraka wananunua, na zile saluni nane zimeshafundisha watu kwamba nywele ni pale. Lakini hata hapo nenda tu kama viti vyao vimejaa.

Mambo ya mwenye nyumba

Wakati unahesabu, bayeri na komisioneri watakusukuma. Kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa mkononi, kila siku yupo huyo mtu. Waambie unarudi Jumamosi ijayo na usitoe hata franka ya "kushikilia". Ikichukuliwa kweli, daftari lako bado linakuonyesha ni avenyu gani ya kutafutia chumba kingine, na kwenye avenyu ile ile vyumba vinatoka kila mara, waambie famasi na muuza yunite wakuite.

Ukishaamua, kabla ya kutoa garanti kubaliana na mwenye nyumba mambo matatu kwa maandishi, na sahihi za wote wawili na shahidi: kodi haipandi mpaka tarehe fulani, ukuta wa mbele na nafasi ya benchi mbele ya mlango ni vyako kwa kibao na wateja, na mwenye nyumba hampangishi fundi wa kuchomelea wala nganda kwenye vyumba vya pembeni vya parseli hiyo hiyo. Hilo la tatu atacheka, atasema haiwezekani kutokea. Mwambie kama haiwezekani basi kuandika hakumgharimu kitu, na kama anakataa kabisa kuandika, angalia vizuri kile chumba kitupu cha pembeni kabla hujatoa pesa.

Daftari usilitupe. Baada ya miezi mitatu kaa tena kwenye benchi lako, saa zile zile, Jumamosi ya katikati ya mwezi, hesabu wanaopita, wanaosimama, wanaoingia kwako. Kama wanaopita ni wale wale na wanaosimama kwako hawaongezeki, shida iko kwenye kibao, bei au mikono ya msukaji, hapo rekebisha. Kama wanaopita wamepungua, tafuta kilichobadilika mtaani, kituo kimehamishwa, barabara imefungwa, saluni mpya imefunguliwa kona ya juu, na uanze kuchora karatasi upya.